Utando mweupe kinywani mwa mtoto: kutibu mdomo, titi na chupa kwa pamoja

Mwanamke nitakayemwita Mama Hawi alikuja kliniki ninakofanya kazi, pembezoni mwa Kisumu, akiwa na mtoto wa wiki 10 mgongoni na chupa ndogo ya dawa ya njano mkononi. Aliiweka mezani kabla hata ya kuketi. "Sista, hii dawa ilimponyesha siku tatu tu. Sasa imerudi, na mtoto hataki titi wala chupa."

Niliiinua ile chupa dirishani kwenye mwanga. Ilikuwa ya mililita 30, na zaidi ya nusu ilikuwa bado imo ndani. Nusu ya jibu lilikuwa pale. Nusu nyingine ilikuwa nyumbani kwake, kwenye karai la vyombo na kwenye pasifaya iliyokuwa imening'inizwa shingoni mwa mtoto kwa utepe. Mwongozo huu unafuata yale tuliyofanya naye, kwa sababu thrashi, yaani utando mweupe wa fangasi kinywani, inaporudi ndiyo huwachosha akina mama, na mara nyingi hurudi kwa njia ambazo unaweza kuzifunga mwenyewe.

Kwanza hakikisha si maziwa

Mtoto anayenyonya huwa na weupe ulimini, na wengi hutibiwa thrashi ambayo hawana. Nawa mikono, funga kitambaa safi laini kwenye kidole, kiloweshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha pangusa ulimi taratibu. Maziwa hutoka. Fangasi hung'ang'ania, na ukilazimisha, chini yake hubaki pekundu kama kidonda, pengine na damu kidogo. Ukiona hivyo, acha. Jaribio ni la mara moja tu, usilifanye kuwa usafi wa kila siku.

Alama nyingine ni mahali penyewe. Maziwa hukaa ulimini. Thrashi huenda hadi ndani ya mashavu, kwenye ufizi, nyuma ya midomo na juu kwenye kaakaa, ikiwa madoa yanayofanana na maziwa yaliyoganda. Kwa hiyo usiangalie ulimi peke yake. Mlaze mtoto mahali penye mwanga, vuta shavu polepole kwa kidole, utazame pande zote mbili. Fungua na daipa pia, maana fangasi hiyohiyo hupita tumboni ikatokea huku chini: upele mwekundu unaoingia hadi kwenye mikunjo ya mapaja, wenye vipele vidogo vimetawanyika pembeni. Hawi alikuwa na vyote viwili. Wiki mbili nyuma alikuwa amepewa antibayotiki kwa sababu ya kifua, na antibayotiki huua bakteria ambao kwa kawaida huizuia fangasi isitawale.

Kukataa kunyonya: mdomo unauma, au kuna jambo jingine?

Mtoto mwenye thrashi mara nyingi anataka kunyonya. Anashika titi kwa njaa, anavuta mara mbili tatu, anaachia na kulia, kisha anarudi tena. Hiyo ni njaa inayogongana na maumivu. Mtoto ambaye hataki kabisa, amelegea, haamki vizuri au hata halii kwa nguvu, huyo si wa kutibiwa thrashi nyumbani, hata kama mdomo wake ni mweupe wote. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mpeleke vilevile akitapika kila anachomeza, akipata degedege, akipumua kwa haraka au kifua kikibonyea anapopumua, utosi ukididimia, au akiwa na umri wa chini ya miezi 2 na joto limefika nyuzi 37.5 au zaidi. Kwa mtoto mchanga kama huyo, kunyonya vibaya peke yake kunatosha kuwa sababu ya kwenda.

Njia rahisi ya kupima kama anapata maziwa ya kutosha ni kuhesabu daipa. Mtoto wa umri wa Hawi anapaswa kulowesha sita au zaidi kwa saa 24. Mama Hawi alihesabu tano jana yake. Hazikutosha, ila mtoto alikuwa macho, utosi uko sawa, mdomo una mate, na tulipomkamulia maziwa kwenye kikombe alikunywa. Tukakubaliana atibiwe nyumbani na arudi baada ya siku mbili.

Dawa: namna ya kuitoa ndiyo inayoponya

Dawa tunayoanza nayo ni nistatini ya maji. Nyingi huwa na uniti 100,000 kwa kila mililita, na ndicho unachopaswa kuona kwenye lebo. Kipimo cha kawaida ni mililita 1, mara nne kwa siku, kwa siku 7. Kabla ya kumpa mtoto wako, mwonyeshe mhudumu wa afya huo mdomo, hasa akiwa mchanga sana au alizaliwa kabla ya wakati.

Nistatini haifanyi kazi kama dawa ya malaria, inayomezwa ikaingia kwenye damu. Tumboni karibu haifyonzwi. Inaua fangasi inayoigusa tu. Ukimmiminia mtoto kooni akameza, umetibu tumbo na kuacha mashavu. Kwa hiyo fanya hivi. Nawa mikono. Tikisa chupa vizuri, kwa sababu dawa hutuama chini na juu hubaki maji matamu. Vuta mililita 1 kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mwinue mtoto kichwa kidogo, weka nusu mililita ndani ya shavu moja na nusu ndani ya jingine, polepole. Kisha kwa kidole kilichofungwa kitambaa safi kilicholoweshwa, sambaza dawa kwenye ufizi, ulimi na kaakaa bila kusugua.

Mpe baada ya kunyonya, si kabla, na usimnyonyeshe tena kwa dakika 20 hivi, ili maziwa yasiioshe. Akitema kidogo si neno, maana ile iliyogusa imegusa.

Kosa moja dogo nimeliona mara nyingi: kile kitoneshi kinachokuja na dawa kinaingizwa mdomoni, mtoto anakinyonya, kisha kinarudishwa ndani ya chupa. Kitoneshi au bomba likigusa mdomo, lioshe kwa maji moto na sabuni, likauke, lisirudi ndani ya dawa likiwa na mate.

Sasa hesabu. Mililita 1 mara nne ni mililita 4 kwa siku, na kwa siku 7 ni mililita 28. Chupa ya mililita 30 inapaswa kubaki tone siku ya saba. Mama Hawi alikuwa ametumia kama mililita 12, yaani siku tatu, akaacha weupe ulipopotea. Weupe huondoka kabla ya fangasi. Maliza siku 7, na kama madoa yalichelewa kutoka, hakikisha umeendelea angalau siku mbili baada ya mdomo kuwa safi. Kwa kuwa anafanya kazi saluni, tulipanga saa zake hivi: saa 12 asubuhi kabla hajatoka, saa 6 mchana na saa 11 jioni kwa mkono wa dani, yaani bibi yake mtoto, na saa 3 usiku akiwa amerudi. Tuliziandika nyuma ya kijitabu cha kliniki, na dani akapewa kalamu ya kuweka alama.

Jivii, ile dawa ya zambarau, bado inatumika mahali ambapo nistatini haipatikani, lakini iwe ile iliyopunguzwa nguvu hadi asilimia 0.25. Ile kali inayouzwa kwa vidonda hubabua mdomo wa mtoto, na siku hizi wengi tunaiacha hata hiyo nyepesi kama kuna dawa nyingine. Jeli ya mikonazoli nayo usimpe mtoto wa chini ya miezi 4 kwa uamuzi wako, kwa maana ni nzito na inaweza kumkaba. Asali usipake kabisa kabla hajatimiza mwaka mmoja, inaweza kubeba vijidudu vinavyopoozesha misuli ya mtoto. Kuhusu kukwangua utando kwa chumvi au kitambaa kikavu hadi damu itoke, nimeshawaona watoto waliokataa kunyonya kwa sababu ya kukwanguliwa, si kwa sababu ya fangasi.

Titi la mama

Hapa Mama Hawi alinishangaa. Nilimuuliza kama chuchu zinamuwasha. "Zinachoma kama pilipili," akasema, "nilidhani ni kawaida." Mtoto huambukiza titi, titi humrudishia mtoto, na ukitibu mmoja unapoteza dawa. Dalili kwa mama ni chuchu zilizo nyekundu au zinazong'aa, kuwasha, au maumivu ya kuchoma yanayoendelea baada ya mtoto kuachia, yakipenya ndani ya titi.

Mtoto akitibiwa, mama mwenye dalili atibiwe siku hizohizo, kwa krimu ya nistatini au ya mikonazoli anayoandikiwa. Anapaka kidogo baada ya kunyonyesha, na kabla ya kunyonyesha tena anapangusa iliyobaki kwa kitambaa chenye maji. Vitambaa vya ndani ya sidiria vibadilishwe vinapolowa, kwa sababu fangasi hupenda joto na unyevu. Sidiria zifuliwe kwa maji moto zikaanikwe juani, na Kisumu jua si haba.

Usiache kunyonyesha. Kama maumivu yamezidi, kamua umpe kwa kikombe. Ila maziwa yaliyokamuliwa wakati huu yatumike siku hiyohiyo. Usiyawekee akiba kwenye friza, kwa sababu baridi haiui fangasi hii na utamrudishia mwezi ujao.

Chupa, chuchu ya mpira na pasifaya

Niliomba kuona chupa. Ilionekana safi. Nikageuza ile chuchu ya mpira ndani nje, na kwenye ukingo unaokaa chini ya kifuniko cha kuzungushwa kulikuwa na mstari wa utelezi wa maziwa ya kale. Huko ndiko fangasi hukaa. Chupa ikioshwa bila kufunguliwa vipande vyote imesuuzwa tu.

Nyumbani walikuwa na chupa mbili. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni mtoto alikuwa akilishwa maziwa ya kopo mara nne. Maana yake kila chupa ilitumika mara mbili, na kabla ya mara ya pili ilisuuzwa kwa maji ya mtungi tu. Zilichemshwa jioni. Mtoto aliyepewa dawa saa 6 mchana alikuwa akinyonya fangasi yake ileile saa 8.

Utaratibu tuliouanzisha ni huu, na unahitaji sufuria moja yenye mfuniko na karai moja dogo ambavyo havifanyi kazi nyingine ndani ya nyumba.

Mtoto akimaliza tu, mwaga yaliyobaki. Maziwa ya kopo yaliyokwisha kuguswa na mdomo hayawekwi ya baadaye, zaidi ya saa moja ni sumu ya tumbo. Fungua chupa vipande vyote: chupa, kifuniko, kizungusho na chuchu. Suuza kwa maji baridi mara moja, kabla maziwa hayajagandamana.

Nawa mikono kwa sabuni. Kwenye lile karai dogo weka maji moto na sabuni ya vyombo, si karai la sufuria za samaki, kwa maana mafuta ya samaki hushika mpira na harufu haitoki. Sugua chupa kwa brashi yake hadi kwenye kona za chini. Geuza chuchu ndani nje, sugua pande zote kwa brashi ndogo au kwa kidole, kisha irudishe na ukamue maji ya sabuni yapite kwenye tundu. Yasipopita, tundu limeziba. Suuza kwa maji safi.

Panga vyote ndani ya sufuria, ujaze maji hadi vizame kabisa. Chupa iinamishe hewa itoke, kwa sababu palipo na povu la hewa maji hayagusi. Funika. Maji yakianza kububujika sana ndipo uanze kuhesabu dakika 10, si tangu ulipowasha jiko. Wengi huhesabu tangu kuwasha, kisha wakaona wamechemsha. Usiondoke, kwani sufuria ikikauka chuchu zinayeyuka na nyumba nzima inanuka mpira.

Epua, acha vipoe ndani ya sufuria iliyofunikwa hadi wakati wa kutumia. Ukivitoa, nawa mikono kwanza, shika chuchu kwenye ukingo wake, si kwenye ncha inayoingia mdomoni. Usivifute kwa taulo ya jikoni, taulo hiyo imefuta kila kitu.

Wakati wa matibabu chemsha kila siku kila kinachoingia mdomoni: chuchu, pasifaya, kijiko, na zile pete za kutafuna kama zinavumilia moto. Akina mama huniuliza kama dawa ya kutibu maji ya kunywa inatosha badala ya moto. Kile kifuniko kimoja kwa mtungi wa lita 20 ni kipimo cha kusafisha maji ya kunywa, hakitakasi chuchu yenye utelezi wa maziwa. Kwa kuni, makaa au gesi, moto ndio ninaouamini.

Mpira unaochemshwa kila siku huchoka. Vuta chuchu kwa vidole kwenye mwanga. Ikiwa inanata, imevimba, imepasuka, imebadilika rangi au tundu limepanuka maziwa yakamiminika badala ya kudondoka, itupe. Chuchu ya Hawi ilikuwa na ufa mdogo kama unywele shingoni, na ufa hauoshiki.

Pasifaya ilileta mjadala. Ikianguka chini, dani alikuwa akiiweka mdomoni mwake, anaifyonza, kisha anamrudishia mjukuu. Kwake hiyo ilikuwa kuisafisha. Nilimwambia kwa heshima, "Dani, watu wazima wengi tunabeba fangasi hii kinywani bila kuumwa, na meno ya bandia huibeba zaidi." Alicheka, akaniuliza nimejuaje kuhusu meno yake. Kwa siku 7 za matibabu tuliiondoa kabisa. Kama huwezi, kuwa na tatu, zote zimechemshwa asubuhi, na iliyoanguka iende kwenye karai ikangoje jioni. Ule utepe wa shingoni tuliukata papo hapo, si kwa ajili ya fangasi bali kwa sababu unaweza kumnyonga mtoto akiwa amelala.

Au acha chupa, tumia kikombe

Hili ndilo ninalopendelea, hasa nyumba ikiwa na maji ya kununua. Kikombe kidogo kisicho na kona kinaoshwa kwa maji moto na sabuni kikaisha, hakina tundu wala mpira. Pia mdomo wenye vidonda hauumii sana kwa kunywa kama kwa kuvuta.

Mtoto awe macho, akae karibu wima mapajani, mikono imefungwa kwa kitambaa asipige kikombe. Jaza kikombe zaidi ya nusu. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha hadi maziwa yaguse mdomo tu, kisha subiri. Atayaramba au atayavuta mwenyewe. Usimmiminie, ukimmiminia anapaliwa. Akifunga mdomo, pumzika. Dani alimwaga nusu ya maziwa siku ya kwanza na kusema kikombe ni kazi ya kizungu. Siku ya tatu ndiye aliyekuwa akimfundisha jirani.

Siku ya pili, siku ya saba, na ikikataa

Baada ya siku mbili angalia mambo mawili: weupe umeenea au umepungua, na mtoto anakunywaje. Umeenea zaidi, au kunyonya kumekuwa kugumu zaidi, rudi kituoni usingoje siku ya saba. Uko vilevile au umepungua na anakunywa vizuri, endelea.

Ukifuata yote na ukakuta siku ya saba bado pana weupe, au unarudi mara kwa mara, au umeshuka hadi kooni, basi mtoto achunguzwe zaidi. Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu kwetu Nyanza watu hunong'ona. Thrashi moja katika miezi ya kwanza huwapata watoto wengi wazima wa afya, na si ushahidi wa virusi vya UKIMWI. Lakini thrashi nzito, isiyoisha au inayojirudia ni sababu ya kuangalia kijitabu cha kliniki: mama alipimwa lini mara ya mwisho, na kama ana virusi, je, mtoto alitolewa damu kisiginoni kwa kipimo cha wiki 6? Kama kurasa hizo ni tupu, pimeni siku hiyo. Mtoto anayegunduliwa mapema huanza dawa mapema. Mama Hawi alikuwa amepimwa baada ya kujifungua na hakuwa na virusi, hivyo tuliipita sehemu hiyo kwa dakika moja.

Siku ya pili alirudi na daipa saba zilizolowa. Siku ya tano mashavu yalikuwa safi, upele wa mapajani umefifia kwa krimu, na chuchu zake hazichomi tena. Siku ya saba aliniletea ile chupa ya pili ya dawa tuliyomwandikia. Ndani mlikuwa na vitone viwili vitatu, na nyuma ya kijitabu alama 28 za kalamu, tatu kati yake zimeandikwa kwa mwandiko mkubwa wa dani aliyesahau miwani. Dani mwenyewe alitaka kujua kama sasa pasifaya inaweza kurudi. Nilimwambia ile ya zamani aitupe, na kama ni lazima anunue mpya aichemshe kabla ya kuitumia.